Kujaza Tena Akiba ya Dharura: Makato Madogo Kila Siku ya Mshahara

Bili ya hospitali ikishalipwa na mgonjwa akarudi nyumbani, familia hupumua. Aliyekuwa na akiba ya dharura hushukuru kwamba aliiweka mapema, na ndugu humpa pole na hongera kwa pamoja. Lakini akaunti yake sasa imebaki na shilingi elfu tatu. Gari la jirani likimgonga mtoto wake kesho, au mwajiri akichelewesha mshahara kwa wiki mbili, hana pa kushika isipokuwa mkopo wa simu.

Kipindi hiki, kati ya akiba kutumika na akiba kujaa tena, ndicho kinachowarudisha wengi kwenye madeni waliyokuwa wameyakimbia. Wapo wanaokata tamaa na kuacha kabisa kuweka, kwa kuwa walichokusanya kwa miaka miwili kiliondoka kwa siku mbili. Wapo pia wanaojibana kupita kiasi: mwezi wa kwanza wanaweka kila shilingi iliyobaki, kufikia tarehe 15 wameitoa yote, na mwezi wa pili hawajaribu tena.

Njia inayofaa ni ya taratibu zaidi, nayo ni kiasi kidogo kinachokatwa chenyewe kila mshahara unapoingia, bila mwenyewe kuamua upya kila mwezi. Nchini Kenya vifaa vya kufanya hivyo vipo tayari katika benki, katika Sacco na kwenye simu. Kazi iliyobaki ni kupanga kiasi, tarehe na mahali pa kuweka, na katika mambo hayo matatu ndipo watu hukosea.

Kwa nini makato yajiendeshe yenyewe

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka Afghanistan. Watafiti Joshua Blumenstock, Michael Callen na Tarek Ghani walifanya jaribio kwa wafanyakazi wa kampuni ya simu ya Roshan, ambao mishahara yao ililipwa kwa pesa za simu, kwa mfumo wa ukoo mmoja na M-Pesa. Wafanyakazi 949 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao waliandikishwa moja kwa moja, hivyo kwamba asilimia 5 ya mshahara ilikatwa na kuingia kwenye akaunti ya akiba wasiposema lolote. Wengine waliachwa bila makato, lakini wangeweza kuyaanzisha wenyewe wakati wowote. Kila mmoja alikuwa huru kubadilisha uamuzi.

Tofauti ilikuwa kubwa. Walioandikishwa moja kwa moja walizidi wenzao kwa pointi 40 za asilimia katika kuweka akiba. Ili kupata matokeo kama hayo bila kuwaandikisha, kampuni ingehitaji kuwaongezea wafanyakazi nusu ya kila walichoweka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018, na maelezo ya watafiti yanamhusu sana mtu aliyetoka kwenye dharura. Walisema sababu mojawapo ni uchovu wa kuifikiria hesabu yenyewe: mtu huahirisha kwa sababu kupiga mahesabu ya "niweke ngapi, nitoe wapi, itanitosha?" ni mzigo, na leo daima huonekana kuwa siku mbaya ya kuubeba.

Mtu aliyemaliza wiki tatu akihangaika kati ya wodi, benki na kundi la mchango la WhatsApp amechoka kuliko kawaida. Kumtaka aamue upya kila mwisho wa mwezi ni kumtwika mzigo huo mara 12 kwa mwaka. Agizo likiwekwa mara moja, uamuzi unafanywa siku moja tu, na baada ya hapo anayetaka kuacha ndiye anayelazimika kusumbuka.

Hesabu ya mtu mmoja

Tuchukue mfano wa kufikirika, wenye tarakimu zinazofanana na za wengi. Ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi Kisauni, Mombasa. Baada ya makato ya lazima, mkononi hupata shilingi 38,000, zinazoingia benki kati ya tarehe 28 na 30. Kodi ya nyumba, chakula, nauli, stima, maji, gesi, mahitaji ya mtoto shuleni na kidogo anachomtumia mama yake humaliza 32,000. Zinabaki 6,000. Kabla ya mama kuugua alikuwa akiweka 3,000 kila mwezi, na 3,000 nyingine zilikwenda kwenye nguo, michango ya harusi na matembezi ya Jumapili.

Akiba yake ilikuwa imefika 60,000. Mwezi Juni mama akalazwa. Gharama zilizobaki kulipwa na familia, pamoja na usafiri na dawa za nje, zilikuwa 62,000. Karani alitoa 57,000 kwenye akiba na kukopa 5,000 kwenye simu. Akabaki na 3,000.

Wazo la kwanza la mtu aliye katika hali hii huwa ni kurudisha 57,000 haraka, tuseme kwa miezi sita. Hesabu inakataa: 57,000 kugawanya kwa sita ni 9,500 kwa mwezi, ilhali anachobakiwa nacho ni 6,000. Wazo la pili ni kuweka zile 6,000 zote. Hilo linawezekana kwenye karatasi, lakini linamwacha bila shilingi ya ziada mwezi mzima. Kiatu cha mtoto kikipasuka, au msiba ukitokea jirani na watu wakachangishana, atachota kwenye akiba aliyoijaza wiki iliyopita. Akifanya hivyo mara mbili au tatu, huanza kuiona akiba kama pochi ya kawaida, na kuanzia hapo kila haja hupata jina la dharura.

Kwa hiyo anaanza na deni. Mkopo wa simu wa siku 30 ni ghali kuliko unavyoonekana. M-Shwari, kwa mfano, kwa miaka mingi imetoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa mwezi mmoja, mbali na ushuru. Anayeuzungusha mkopo kama huo mwaka mzima hulipa ada inayokaribia asilimia 90 ya kiasi alichokopa. Hakuna akaunti ya akiba inayolipa faida ya kufikia hapo, kwa hiyo kuweka pesa huku deni hilo linaendelea ni kujaza mtungi unaovuja.

Mshahara wa Julai unapoingia, karani analipa mkopo, ambao pamoja na ada na ushuru umefika kama 5,450. Katika zile 6,000 zinabaki 550, na 500 kati ya hizo ndizo makato yake ya kwanza ya akiba. Mtu anaweza kuuliza kwa nini asisubiri mwezi ujao. Sababu ni kwamba agizo lenyewe linahitaji kujaribiwa. Akianza na 500 ataona kama tarehe imekaa sawa, kama pesa zimefika zilikotumwa na kama kuna ada ambayo hakuitarajia, na kosa likitokea litakuwa la shilingi chache. Mwisho wa Julai akiba ina 3,500.

Kuanzia Agosti deni limekwisha, naye anapandisha makato hadi 2,500. Hazirudishi 3,000 za zamani mara moja, kwa kuwa bado kuna nauli za kumpeleka mama kliniki. Lengo lake la kwanza si 60,000. Ni 15,000, karibu nusu ya matumizi ya mwezi. Kiasi hicho kinaziba dharura ndogo zinazotokea mara kwa mara, kama vile jino, simu ya kazini iliyoharibika, nauli ya ghafla ya kwenda matangani au wiki moja ya mshahara kuchelewa. Mwisho wa Oktoba akiba ina 11,000, na mwisho wa Desemba ina 16,000.

Januari hagusi kiwango, kwa sababu shule zinafunguliwa na hakuna mwezi mbaya zaidi wa kupandisha makato. Anafikia 18,500. Februari anarudi kwenye 3,000 zake za zamani, na kwa mwendo huo, bila kuhesabu faida, anavuka 60,000 mwezi Machi wa mwaka unaofuata. Jumla ni mishahara 21 tangu aanze.

Miezi 21 ni mirefu, na ni vizuri mtu aijue mapema kuliko kuahidiwa sita akaishia njiani. Inaweza kupunguzwa kwa pesa zisizo za kila mwezi. Karani akipata posho mbili za 5,000 kwa kazi za ziada, akaziingiza zote kwenye akiba, safari inafupika kwa miezi mitatu. Ila posho hizo ni za kuongezea tu. Asizitegemee kwenye hesabu, wala asisimamishe makato kwa matumaini kwamba zitakuja.

Jino linapouma mwezi Novemba

Turudi nyuma kidogo kwenye mfano huohuo. Tuseme mwanzoni mwa Novemba, akiba ikiwa 11,000, karani anapata maumivu ya jino yanayohitaji 4,000. Wengi hapo husita kugusa akiba waliyoanza kuijenga upya, hukopa kwenye simu ili namba isishuke, na hivyo huanza tena kulipa ada ya asilimia 7.5.

Akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Karani anatoa 4,000, inabaki 7,000, na agizo la makato linaendelea bila kuguswa. Mwisho wa Novemba ana 9,500, Desemba 12,000, Januari 14,500. Jino limesogeza mwisho wa safari kwa miezi miwili, basi. Hakuna deni jipya, hakuna ada, na hakuna haja ya kuanza mpango upya.

Kuna uchunguzi uliofanyika Kenya unaoeleza kwa nini akiba ya namna hii lazima iwe inafikika. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafuatilia wanachama wa vyama vya kuzungushiana pesa magharibi mwa nchi, na mwaka 2013 walichapisha walichokiona. Kundi moja lilipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wake. Kundi jingine lilipewa kisanduku kama hicho, lakini ufunguo ulikaa kwa msimamizi wa mradi, na pesa zilitolewa kwa lengo maalumu la afya tu. Mtu angedhani kufuli lisilofunguka ndilo lingewasaidia zaidi. Ilikuwa kinyume. Waliokaa na ufunguo wao waliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa asilimia 66, ilhali kisanduku kisichofunguka hakikuwa na matokeo ya maana kwa lengo hilohilo. Watu hawakutaka kufungia pesa mahali ambapo mtoto akiugua usiku hawawezi kuzifikia.

Kundi lingine liliwekewa akaunti kwa mweka hazina wa chama, iliyotengwa kwa dharura za afya pekee, na hao walipunguza hatari ya kushindwa kulipia matibabu ugonjwa ulipobisha hodi. Jina la lengo lilitosha kuzilinda pesa dhidi ya matumizi madogomadogo, na zilipatikana siku zilipohitajika. Anayejaza akiba upya anahitaji mambo hayohayo mawili: mahali pa pekee penye jina lake, na mlango unaofunguka.

Pesa ziende wapi

Kosa kubwa zaidi katika hili huwapata wanachama wa Sacco. Mwajiri wao tayari hukata mshahara kwa ajili ya Sacco, kwa hiyo huona ni rahisi kuongeza makato hayo na kuyaita akiba ya dharura. Lakini akiba ya kawaida ya mwanachama, ile inayohesabiwa anapoomba mkopo, haitolewi akiwa bado mwanachama. Ni dhamana ya mikopo yake na mara nyingine ya wenzake aliowadhamini. Ili aipate lazima ajiondoe kwenye Sacco, na kwa kawaida hutakiwa kutoa notisi ya siku 60. Akiba ya namna hiyo haimlipi daktari wa usiku.

Sacco zenye huduma za kibenki zina akaunti nyingine, za upande wa FOSA, ambazo mwanachama anaweza kuweka na kutoa. Anayetaka kutumia makato ya mwajiri aandike waziwazi kwenye fomu kwamba nyongeza iende kwenye akaunti hiyo ya kutoa, kisha ahakikishe kwenye taarifa ya mwezi wa kwanza kwamba ilikwenda huko. Makato ya mwajiri yana uzuri wake: yanafanyika kabla mshahara haujafika mkononi, kwa hiyo hata ukichelewa, yanachelewa nao na hayakosi pesa. Mpaka wa sheria ni kwamba jumla ya makato yote isizidi theluthi mbili za mshahara, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyosema. Mwenye mikopo mingi ya Sacco huenda amekwisha kuukaribia mpaka huo.

Njia ya pili ni agizo la kudumu la benki. Mteja huiagiza benki ihamishe kiasi fulani kila mwezi kutoka akaunti ya mshahara kwenda akaunti ya akiba. Akaunti hiyo isiwe na kadi, na ikiwezekana isionekane kwenye ukurasa wa kwanza wa programu ya simu. Akiba iliyo benki inalindwa na Shirika la Bima ya Amana la Kenya hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, kiwango kinachotosha kwa akiba ya dharura ya watu wengi.

Njia ya tatu ni ya simu. Mwaka 2024 Safaricom ilianzisha M-PESA Ratiba, inayomwezesha mteja kupanga malipo yanayojirudia kwa kuchagua anayelipwa, kiasi na marudio yake. Inamfaa anayelipwa kwa M-Pesa, awe na mshahara wa mwezi au ujira wa wiki. Wa ujira wa wiki aangalie ada. Kwa viwango vya sasa, kumtumia mtu shilingi 150 hutozwa 7, ambazo ni karibu asilimia 5 ya pesa yenyewe. Akipeleka 150 kila wiki kwa dada anayemwekea, kwa mwaka atalipa ada inayozidi makato ya wiki mbili. Kuhamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda M-Shwari hakutozwi, na mifuko mingi ya uwekezaji ina namba zake za malipo ambazo ada yake inafaa kuulizwa kabla ya kuanza.

Mifuko hiyo ya uwekezaji wa muda mfupi, ambayo wengi huiita mani maketi, nayo inafaa, ila si kwa shilingi za kwanza. Hukopesha serikali na benki kwa muda mfupi na hulipa faida kuliko akaunti nyingi za akiba, na faida hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15. Inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, lakini haina bima ya amana kama ya benki, na baadhi yake huchukua siku moja hadi tatu za kazi kumlipa anayetoa. Dharura ya Ijumaa jioni inaweza kusubiri hadi Jumatano. Ndiyo maana karani wa mfano wetu anaziweka 15,000 za kwanza kwenye akaunti ya benki inayofunguka papo hapo, na zinazozidi hapo anazielekeza kwenye mfuko.

Mambo yanayoharibu mpango

Tarehe ndiyo huharibu mipango mingi. Mshahara wa karani huingia kati ya tarehe 28 na 30. Akiweka agizo la tarehe 28, kuna miezi litakapopiga hodi kwenye akaunti tupu. Halitafanyika, na baadhi ya benki humtoza faini kwa jaribio hilo. Akiliweka tarehe 5, pesa zitakuwa zimekwisha kuonekana kwa siku sita na nyingi zitakuwa zimepata kazi. Tarehe ya 1 inafaa zaidi, yaani siku moja baada ya siku ya mwisho ambayo mshahara huwa umeshaingia. Mwenye mwajiri anayechelewesha mara kwa mara hana tarehe salama. Huyo makato ya mwajiri yanamfaa zaidi kama yapo, na kama hayapo awekewe agizo la wiki, dogo, ili likikosa wiki moja lipate inayofuata.

Fuliza nayo ina mahali pake katika hesabu hii. Mwenye deni la Fuliza hukatwa kila pesa inapoingia kwenye M-Pesa yake, kabla ya yeye kuigusa. Mtu anayelipwa kwa M-Pesa na kupanga Ratiba ya 1,000, huku anadaiwa 3,000 za Fuliza, atashangaa kuona agizo lake halijatendeka. Pesa ziliingia, deni likachukua sehemu yake, na kilichobaki hakikutosha. Fuliza ilipwe kwanza mpaka iishe, ndipo agizo lianze.

Dalili ya kwamba kiasi kimewekwa juu mno haionekani siku ya mshahara. Inaonekana mwezi ukiwa kona. Baada ya mishahara mitatu, mwenye mpango achukue taarifa ya M-Pesa au ya benki na kuangalia wiki ya mwisho ya kila mwezi. Ikiwa Fuliza au mkopo mdogo umejitokeza katika wiki hiyo, na haukuwapo kabla ya makato kuanza, basi akiba inajazwa kwa pesa za kukopa. Aangalie pia jumla ya alizoweka na jumla ya alizotoa. Akiwa ameweka 7,500 na kutoa 4,000 bila dharura ya kweli, zaidi ya nusu imerudi matumizini. Dawa ya hali zote mbili ni kupunguza makato, tuseme kutoka 2,500 hadi 1,500, na kuyaacha hapo kwa mishahara mitatu mingine. Kuyafuta kabisa humrudisha mtu mahali alipoanzia, na kulianzisha agizo upya ni kazi ambayo wengi hawaifanyi.

Kuna pia gharama zinazojivika nguo za dharura. Karo ya Januari, Mei na Agosti inajulikana kwa tarehe. Bima ya pikipiki ina siku yake ya kuisha. Vitu hivyo vikichotwa kwenye akiba ya dharura, akiba haitajaa hata makato yakiwa makubwa. Mwenye uwezo awe na agizo la pili, dogo zaidi, la akaunti ya karo. Mwenye makato ya 2,500 anaweza kuyagawa: 1,800 kwa dharura na 700 kwa karo. Safari ya akiba itakuwa ndefu zaidi, lakini Januari haitaibomoa.

Mpaka wa njia hii

Makato madogo hayamfai kila mtu. Familia ambayo mapato yake hayafiki mahitaji ya msingi haina cha kukata, na kuilazimisha iweke 500 ni kuipeleka dukani kukopa unga. Hapo kazi ya kwanza ni kuongeza kipato au kupunguza mzigo wa madeni, kwa mfano kuomba mkopo mdogo wa dharura wa Sacco, ambao kwa kawaida hutoza riba ndogo zaidi, ili kulipa mikopo ya simu iliyorundikana. Vilevile, katika miezi ile ya kwanza ambapo akiba ina 3,500 au 6,000, dharura kubwa ya pili haitazibwa na makato ya aina yoyote. Mwenye Sacco aulize mapema mkopo wake wa dharura huchukua siku ngapi na unahitaji wadhamini wangapi, na asiye na Sacco ajue ni ndugu gani anaweza kumpigia. Kuuliza hayo wakati mambo yametulia ni rahisi kuliko kuuliza mlangoni mwa wodi.

Jambo la mwisho hugunduliwa na watu wakiwa wamechelewa. Maagizo mengi ya benki na ya simu huwekewa tarehe ya kuisha siku yanapoandikishwa. Yakiisha huisha kimya, na mshahara unaofuata huingia ukiwa mzima bila mwenyewe kugundua. Safari ya karani wetu ni ya mishahara 21, kwa hiyo agizo la miezi 12 lingemwacha na takriban 33,500, zaidi kidogo ya nusu ya lengo lake. Mwenye agizo lililokwisha kuanza alifungue leo, aangalie mambo mawili, yaani tarehe ya makato na tarehe ya kuisha, na ayarekebishe kabla mshahara ujao haujaingia.